Mahubiri ya mazishi ya kijana: kufariji bila kulikwepa swali la "mbona?"

Kwenye mazishi ya mzee, mhubiri ana pa kushika. Marehemu alilea, alifanya kazi, aliona wajukuu, alishiba siku. Kwenye mazishi ya kijana hayo yote hayapo. Wazazi wanamzika mtu aliyepaswa kuwazika wao, na rafiki zake wamekaa viti vya nyuma wakilitazama jeneza kana kwamba limeletwa kwa makosa. Mhubiri akikimbilia faraja, wataona hakuwasikia. Akikaa na maswali tu, watarudi nyumbani wakiwa na mzigo uleule waliokuja nao, na safari hii umetoka madhabahuni.

Mwongozo huu unafuata kesi moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Msichana wa miaka 19, tumwite Neema, aliugua ghafla, akalazwa wiki 3, kanisa likafunga na kuomba, kisha akafa. Tumechagua kifo cha namna hii kwa sababu ndicho kigumu zaidi kukihubiria: watu waliomba kwa imani, na hakupona.

Kwanza, sikia ni swali gani linaloulizwa

Kiswahili kimetupa maneno matatu ambayo mhubiri akiyachanganya, mahubiri yote yanakwenda upande. "Kwa nini" huuliza sababu: ugonjwa ulitoka wapi, nani alichelewa. "Ili iweje" huuliza kusudi: Mungu alikuwa anataka nini. Halafu kuna "mbona". Mtu akisema "mbona umeniacha?" hangoji maelezo. Analalamika, tena analalamika kwa mtu anayemjua, mtu aliyetarajiwa kufanya vingine. Mbona ni swali la uhusiano.

Familia nyingi msibani huuliza mbona, na wahubiri wengi hujibu ili iweje. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mama analia kwamba ameachwa, mhubiri anamweleza mpango. Kila neno la mhubiri linaweza kuwa sahihi kwa mafundisho na bado likaanguka chini, kwa sababu limejibu kitu kisichoulizwa.

Angalia neno alilotumia Yesu msalabani katika Biblia yetu ya Kiswahili, Marko 15:34, akiikariri Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Watafsiri waliweka mbona, na walilenga vizuri. Ukiwa na mstari huo mmoja, una ruhusa ya kulitamka swali la wafiwa madhabahuni bila kuomba radhi, maana limekwisha kutamkwa na Yesu mwenyewe.

Kuketi na familia

Nenda kabla ya kuandika chochote, angalau siku moja kabla ya mazishi. Saa nzima inatosha. Zaidi ya hapo unawachosha. Usichukue daftari mkononi. Sikiliza, kisha andika ukishatoka, ukiwa bado njiani, kabla maneno yao hayajageuka kuwa maneno yako.

Uliza mambo machache. Nyumbani mlimwita nani? Siku ya kawaida, isiyo na jambo, alikuwa anafanya nini? Kuna kitu ambacho hamtaki kisemwe mbele ya watu? Na mwisho, kwa sauti ya chini: usiku mkikosa usingizi, mnajiuliza nini? Swali hili la mwisho ndilo litakalokuandikia mahubiri. Usiulize "mnajisikiaje", na usiombe wakusimulie saa za mwisho hospitalini. Wakitaka kusimulia, watasimulia wenyewe.

Katika kesi yetu, mama anasema Neema alikuwa na tabia ya kufungua kila kitabu kwenye ukurasa wa mwisho kwanza, hakuweza kuvumilia kungoja. Baba anasema kidogo sana, ila anarudia jambo moja mara mbili: "Tungalimpeleka siku ile ya Jumapili."

Shika yote mawili. Tabia ya kitabu ni Neema mwenyewe, hakuna mwingine anayefanana naye hapo. Ukilitaja, rafiki zake watacheka na kulia kwa pamoja. Lakini litaje tu kisha uliache. Kishawishi kitakujia cha kusema "na leo Neema ameuona ukurasa wa mwisho kabla yetu". Kifute. Ni sentensi tamu, na kwa sababu hiyohiyo watu watakukumbuka wewe badala ya kumkumbuka yeye. Vivyo hivyo usichezee maana ya jina lake. "Neema imeondoka nyumbani humu" itamchoma mama kila atakaposikia neno hilo kanisani, na atalisikia kila Jumapili.

Neno la baba ni zito zaidi. Tungalimpeleka. Hiyo -ngali- ndiyo lugha ya msiba: kama ningalijua, kama angalisema mapema, kama daktari angaliwahi. Si lawama kwa Mungu. Ni mtu anayejihukumu mwenyewe. Usimjibu papo hapo kwa "usiseme hivyo, baba". Sikia, itikia kwa kichwa, kumbuka siku aliyoitaja, na ujue kwamba mahubiri yako lazima yaifikie hiyo -ngali-.

Kuchagua andiko na mahali pa kukata

Soma Yohana 11:17–37. Ishia hapo 37.

Sababu ya kuchagua andiko hili ni sarufi yake. Martha anamwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa" (mstari wa 21). Baadaye Mariamu anakuja na kusema maneno yaleyale (mstari wa 32). Ni -ngali- ya baba yake Neema, neno kwa neno, isipokuwa hawa wameielekeza kwa Yesu. Na walikuwa na haki ya kuuliza, kwani walimtumia habari mapema, naye akakaa siku 2 zaidi alipokuwapo (mstari wa 6). Walioomba kwa ajili ya Neema watajiona humo bila kuonyeshwa.

Sasa tazama anavyowajibu. Swali ni lilelile, waulizaji ni ndugu, lakini majibu ni mawili tofauti. Martha anapewa neno: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mariamu hapewi neno lolote. Yesu anaugua rohoni, anauliza "Mmemweka wapi?", kisha mstari wa 35: "Yesu akalia machozi." Hakuna aliyekemewa kwa kuuliza. Huo ndio uti wa mgongo wa mahubiri: swali moja, majibu mawili, neno na machozi. Ukitoa moja bila jingine umelipunguza andiko.

Ukisoma mpaka mstari wa 44, Lazaro anatoka kaburini, na masikio ya watu yatabaki huko. Jeneza liko mbele yao na halitafunguka. Ukiishia 37, unaishia kwenye swali la watu waliosimama pale: huyu aliyemfungua macho kipofu, hakuweza kumzuia na huyu asife? Ni swali halisi la waombolezaji wako, na limo ndani ya Injili, halijajibiwa papo hapo. Usidhani lakini kwamba kukata kunamficha Lazaro. Kila mtu anajua mwisho wa hadithi. Itabidi umtaje kwa mdomo wako, na tutafika hapo.

Kuna maandiko ambayo mhubiri huyafikia haraka na ni afadhali ayaache nje ya siku hii. Warumi 8:28, "katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja", ni ahadi ya kukaa nayo muda mrefu. Ikitajwa mbele ya jeneza inasikika kama hesabu ya faida na hasara. Luka 13, mnara wa Siloamu ulioua watu 18, unakanusha kwamba waliokufa walikuwa waovu kuliko wengine, na hilo ni jema, ila mstari unaofuata unaonya "msipotubu", na onyo hilo juu ya kaburi la msichana wa miaka 19 litameza kila kitu kilichotangulia. Na "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa" (Ayubu 1:21) ni maneno ya mfiwa mwenyewe, aliyeyasema nguo zake zimeraruliwa. Mfiwa akiyasema, ni ibada. Mgeni akimsemea, amemnyang'anya. Tena mtu huyohuyo, sura ya 3, anailaani siku aliyozaliwa, na hakuna anayesoma sura ya 3 msibani.

Kuandika: dakika 12, sehemu 5

Ukisoma kwa utulivu unaofaa msiba, kwa vituo, utatumia takriban maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Dakika 12 basi ni maneno kama 1,100. Andika yote, neno kwa neno, hata kama Jumapili huwa unahubiri bila karatasi. Kwenye mazishi ya kijana sauti hukatika bila taarifa, na mhubiri asiye na karatasi, akitafuta la kusema, huangukia misemo aliyoisikia utotoni, ambayo ndiyo hasa tunayoikimbia.

Sehemu ya kwanza, dakika 1, inataja jina, umri na ukweli. Mfano:

"Neema alikuwa na miaka 19. Tumekuja kumzika, na mwaka huu ulipoanza hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri tungekuwa hapa. Tulimwombea. Tulifunga. Hakupona. Sitasimama hapa kuwaeleza kwa nini, kwa sababu sijui. Ila kuna mambo mawili ninayoyajua, na hayo nitayasema."

"Sijui" imesemwa mara moja tu. Isemwe mara moja. Mhubiri akiirudia mara tano, mahubiri yanageuka kuwa habari za mashaka yake, na wafiwa wanaanza kumhurumia yeye. Tena "sijui" yako iwe thabiti kama "najua" yako. Usiitamke kwa kunong'ona kama mtu anayekiri kosa. Na neno "kufa" lisikwepwe kote. Useme "alifariki" unapotaka heshima, lakini mahali fulani useme "amekufa", hasa kama kuna watoto wadogo ambao wameambiwa dada amelala.

Sehemu ya pili, dakika 2, ni Neema mwenyewe. Chukua mambo mawili au matatu uliyoyapata kwa mama. Ukurasa wa mwisho wa kitabu ni moja. Ongeza moja lenye kasoro ndogo: alichelewa kila mahali, au alikuwa mkaidi. Marehemu asiye na kasoro hafanani na yeyote, na rafiki zake hawatamtambua. Wala usisome orodha ya shule alizopitia. Hilo huwa na msomaji wake katika ratiba.

Sehemu ya tatu, dakika 4, ni swali. Hii na ya nne ndizo sehemu ndefu kuliko nyingine, na hapa ndipo wahubiri huharakisha kwa sababu hapapendezi kusimama. Anza na Martha na Mariamu:

"Wapo ndugu wawili waliotuma ujumbe kwa Yesu kwamba yule umpendaye hawezi. Walituma mapema. Yesu alichelewa. Alipofika, ndugu yao alikuwa kaburini siku ya nne. Na Martha akamwambia usoni: Bwana, kama ungalikuwapo hapa. Najua maneno hayo yamesemwa katika nyumba ya Neema. Kama tungalikwenda siku ile. Kama angalisema mapema kwamba anaumwa. Kama Mungu angalisikia. Martha hakukemewa. Yesu hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia imani yako ni ndogo. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho."

Kisha mguse baba bila kumwonyesha kidole. Usitaje Jumapili, siku hiyo aliitaja kwako peke yako. Sema hivi: "Kuna mtu hapa anayeihesabu siku moja, anairudia kila usiku. Ulifanya uamuzi siku ile kwa yale uliyoyajua siku ile. Leo unajihukumu kwa yale uliyoyajua baadaye. Hiyo si haki, hata ukijifanyia mwenyewe." Sentensi hizi nne hufanya kazi kuliko kurasa za mafundisho, kwa kuwa zinasema kitu cha kweli ambacho aliye ndani ya majuto hawezi kukiona. Lakini hakikisha ni cha kweli. Kama uzembe ulikuwapo waziwazi na kila mtu anaujua, ziache, usidanganye. Sema tu kwamba Yesu aliisikiliza -ngali- yao.

Malizia sehemu hii kwa swali la mstari wa 37, na ulitamke kama lako. "Huyu aliyefungua macho ya kipofu, hakuweza?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka 5. Kimya cha sekunde 5 mbele ya watu kitaonekana kwako kirefu kama saa. Kwa waliokaa ni kifupi. Usikijaze kwa "Bwana asifiwe".

Sehemu ya nne, dakika 4, ni majibu mawili. Anza na machozi, si na neno, ingawa katika andiko Martha ametangulia. Mpangilio huu una sababu: watu wanaolia husikia ahadi vizuri zaidi baada ya kujua kwamba kilio chao hakijahesabiwa kuwa ukosefu wa imani. Yesu alijua atakachofanya dakika chache baadaye, na bado alilia. Maana yake tumaini la ufufuo halifuti machozi mapema. Hapa 1 Wathesalonike 4:13 inafaa kwa sentensi moja: Paulo hakusema msihuzunike, alisema msihuzunike kama wasio na matumaini. Huzuni imebaki.

Halafu Lazaro. Usimzunguke:

"Mnajua kilichofuata. Lazaro alitoka. Na kuna mtu amewaza, basi mbona Neema hatoki? Nami nimewaza. Siwezi kukupa jibu linalotosha. Ninachoweza kusema ni kwamba Lazaro naye alikufa tena baadaye, na ndugu zake, kama walikuwa hai, walilia mara ya pili. Kutoka kwake kaburini hakukuwa mwisho wa kifo. Kulikuwa ishara ya nani anayesimama mbele ya kaburi. Na huyo aliyesimama pale, mwenyewe alikwenda kaburini."

Ndipo useme mstari wa 25, polepole, mara moja, bila kuufafanua: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima. Yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi." Ukianza kueleza aya hiyo kwa dakika 3 utaipunguza makali. Iache ikae.

Kosa la kawaida hapa ni kuuza tumaini kwa bei ya huzuni: "kwa hiyo tusilie, tufurahi." Utalitambua papo hapo ukitazama viti vya mbele, maana wazazi huacha kukutazama na kuangalia chini. Ukiona hivyo, usiendelee na aya iliyofuata. Rudi kwa sentensi moja: "Lakini leo tunalia, na ni sawa." Macho yatarudi.

Sehemu ya tano, dakika 1, ni kwa vijana wenzake. Wengi wao hawajawahi kuona jeneza la rika lao. Waambie jambo la kufanya, na useme jina la mtu: "Mkiona hamlali, hamli, au mnataka kuwa peke yenu wakati wote, msikae na jambo hilo. Mtafuteni fulani, ameketi pale, ameniambia yuko tayari." Mtu huyo awe amekubali kabla, na asimame aonekane. Hapa si mahali pa kuwatisha kwamba kesho ni zamu yao, wala pa kuita watu waokoke. Uamuzi unaofanywa na kijana aliyetishwa mbele ya maiti ya rafiki yake mara nyingi haudumu, na wazazi wa marehemu wataona kifo cha mtoto wao kimetumiwa. Ukitaka kusema nao habari za imani, wiki zijazo zipo.

Malizia kwa sala fupi. Nayo iandikwe.

Sentensi za kufuta

Ukimaliza rasimu, ipitie ukitafuta sentensi hizi, hata zikiwa zimevaa nguo nyingine. "Mungu amempenda zaidi" humwambia mama kwamba upendo wake ulishindwa mashindano. "Mungu huchuma ua zuri kuliko yote" humfanya Mungu mwizi wa bustani, na humwacha ndugu aliyebaki akijiuliza kama yeye si ua zuri. "Kazi ya Mungu haina makosa" hufunga mdomo. Mtu hawezi kuuliza tena bila kuonekana anamkosoa Mungu. "Alikuwa ametayarishwa" husemwa na watu ambao hawakumwona akihangaika kupumua. "Mna watoto wengine" haihitaji maelezo.

Kuna moja ngumu zaidi: "yalikuwa mapenzi ya Mungu." Wapo waumini wanaoishikilia kwa moyo wote, na huenda wazazi wenyewe wataisema. Usiwapinge madhabahuni. Lakini wewe usiianzishe, kwa sababu aliyekaa kiti cha nyuma na hana imani kubwa ataondoka akiamini kwamba Mungu alitaka msichana huyu ateseke wiki 3. Kama huna budi, sema kwamba hakuna kilichotokea kilichomtoa Neema mikononi mwa Mungu. Warumi 8:38–39 inasema hilo, na haihitaji kusema nani alitaka nini.

Kifo kikiwa cha namna nyingine

Kijana akiwa amejiua, mengi ya hapo juu yanabaki, ila mambo matatu hubadilika. Njia aliyotumia isitajwe kabisa, hata kwa mafumbo. Sababu moja isitajwe, wala ugomvi wa nyumbani, wala mchumba, kwa kuwa jambo hili karibu siku zote lina mizizi mingi, na ukitaja moja umeshamhukumu mtu aliyekaa pale. Na usiseme "sasa amepumzika, ana amani", ingawa wazazi watatamani kulisikia, kwa sababu kijana mwingine mwenye mawazo hayohayo anaweza kulisikia kama mwaliko. Sema alikuwa na maumivu ambayo hatukuyaona yote, sema Mungu hakumwacha, na ile sehemu ya tano iwe ndefu zaidi, yenye majina mawili ya watu wa kuendea.

Akiwa ameuawa, au kuna kesi, usimtaje mtuhumiwa na usiwahimize wazazi kusamehe siku hiyo. Msamaha una wakati wake, na mtu akilazimishwa kusamehe hadharani huishia kuigiza.

Na kama hujui imani ya marehemu ilikuwaje, usimpeleke mbinguni wala kwingine. Mkabidhi kwa yule aliyelia kaburini kwa Lazaro, uishie hapo.

Siku yenyewe

Chapa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16 hadi 18, upande mmoja wa karatasi, kurasa zihesabiwe. Weka alama ya mkwaju mahali pa kituo. Usimalizie ukurasa katikati ya sentensi. Sauti ikitetemeka, kugeuza karatasi ndiko kunakoangusha watu. Soma kwa sauti mara mbili nyumbani. Mahali utakapolia mara ya kwanza ndipo utakapolia na kanisani, basi uweke alama, unywe maji kabla yake. Ukilia, simama kimya, pumua, endelea pale ulipoishia. Usiombe radhi.

Ratiba za mazishi huvunjika. Hotuba huwa ndefu, na mhubiri huambiwa "mchungaji, dakika 6 tu". Uwe na toleo fupi tayari, limewekewa alama kwenye karatasi ileile: bakiza sehemu ya kwanza, jambo moja la Neema, Martha na -ngali-, machozi, mstari wa 25. Kata Lazaro ukilazimika, na ukate vijana kwa kumtaja tu mtu wa kuendea. Usikate swali ukabakiza ahadi. Mahubiri ya dakika 6 yenye ahadi tupu ni mabaya kuliko kukaa kimya.

Na mama anaweza kupiga ukelele ukiwa katikati. Usipandishe sauti kumshinda, na usimwambie mtu amtoe nje. Nyamaza mpaka apumue. Akitaja jina la mtoto, nawe litaje, kwa sauti ya chini. Akisema "mbona, Mungu, mbona?", usimjibu, rudi kwenye karatasi yako, sehemu ya tatu, maana alichokisema kimeandikwa pale. Waliokuwa wakikusikiliza watajua kwamba mahubiri yalikuwa yake tangu mwanzo.

Kaburini usihubiri tena. Dakika 2 zinatosha: andiko fupi, sala, baraka. Neno "mavumbi" liseme kwa upole, ukiangalia shimo na si wazazi.

Wiki zinazofuata

Wazazi wengi hawakumbuki kilichohubiriwa. Wapelekee nakala ya karatasi baada ya wiki 2 hivi, wageni wakishaondoka na nyumba imekuwa kimya. Ipeleke mwenyewe, ukae kidogo. Ndipo baba, aliyesema maneno machache, huanza kuzungumza juu ya Jumapili ile. Safari hii msikilize mpaka mwisho, kisha mwulize swali moja tu: siku hiyo Neema mwenyewe alikuwa anasemaje? Mara nyingi alikuwa anasema kwamba hajambo, kwamba itapita. Mwache baba asikie maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe.